Uzi: Siku 21 kabla ya mtihani wa kalkulasi, integresheni ndiyo inanikwamisha. Naomba ratiba

mwanafunzi_wa_mitambo

Habari wakuu. Niko mwaka wa kwanza uhandisi na mtihani wa kalkulasi ni baada ya wiki tatu. Ni wa saa 3, na una limiti, diferensiesheni na matumizi yake, kisha integresheni na matumizi yake. Limiti na diferensiesheni sina tatizo kubwa. Shida ni integresheni. Nikisoma mfano kwenye daftari naelewa kila mstari, ila nikifunga daftari nikapewa swali jipya sijui hata nianzie wapi. Kwa siku naweza kutenga saa 3, sababu kuna masomo mengine pia. Naomba mwenye uzoefu anipangie hizi wiki tatu.

Kipeuo

Mkuu, integresheni ni mazoezi tu, haina njia ya mkato. Kariri jedwali lote, kisha piga maswali 50 kila siku. Mada moja kwa siku mbili: leo na kesho kubadili kigeu, keshokutwa kwa vipande, na kuendelea. Wiki tatu zinatosha kabisa.

fundi_kigeu

Kipeuo yuko sahihi kuhusu jedwali na kuhusu kufanya kwa mkono. Hapo kwa maswali 50 ya mada moja ndipo sikubaliani naye. Ukishika maswali yote ya kubadili kigeu, tayari umeambiwa njia kabla hujalitazama swali. Unachofanya ni kukokotoa tu. Mtihani hauandiki njia pembeni ya swali, na aliyefungua uzi amesema wazi kwamba anakwama kwenye kuanza. Anachopungukiwa ni kuchagua njia, na hilo linahitaji zoezi lake peke yake.

Kwa hiyo siku ya 1 usisome chochote. Chukua integrali 20 kutoka mitihani ya nyuma ya idara yenu, zichanganye, jipe dakika 60 bila daftari. Ukimaliza, kila ulilokosa liwekee alama moja kati ya tatu. "N" kama hukujua njia. "A" kama njia ilikuwa sawa lakini aljebra ikakuangusha: ishara, mabano, sehemu, kipeuo. "J" kama ulisahau kitu cha kwenye jedwali. Hesabu alama. Ratiba ninayoandika hapa chini inachukulia kwamba N ndizo nyingi. Kama A ndizo nyingi, ongeza siku mbili za aljebra mwanzoni na upunguze wiki ya tatu.

Wiki ya kwanza. Siku ya 2 na ya 3 ni za kugeuza jedwali. Andika derivativi zote unazozijua upande wa kushoto, kisha zisome kinyumenyume hadi ukiona 1/(x² + 1) kichwa chako kiseme arctan bila kusita. Ndani ya siku hizo hizo rudia mambo matatu ya aljebra ambayo integresheni inayatumia kila mara: kukamilisha mraba, kugawanya polinomia kwa polinomia, na kanuni za trigonometria za sin² x na cos² x. Siku ya 4 hadi ya 6 ni za kubadili kigeu, maswali 12 hadi 15 kwa siku. Yanatosha kwa sharti moja: kila jibu unalidiferenshieti ili urudi kwenye swali. Hapo hutahitaji kitabu cha majibu, na diferensiesheni yako inabaki moto bila kutengewa muda wake. Siku ya 7 rudia tu yale uliyoyakosa, kwenye karatasi tupu.

Sasa kuhusu kuchagua njia. Tazama familia hii, yote yanafanana kwa sura:

```
(a) ∫ x/(x² + 9) dx
(b) ∫ 1/(x² + 9) dx
(c) ∫ x²/(x² + 9) dx
(d) ∫ 1/(x² − 9) dx
```

Chini karibu hakuna kilichobadilika, lakini kila moja ina njia yake. Kwenye (a), juu kuna x, na derivativi ya chini ni 2x. Basi badili kigeu: u = x² + 9, jibu ni ½ ln(x² + 9) + C. Kwenye (b), juu hakuna x ya kukusaidia, kwa hiyo u ile ile inakwama mara moja. Hili ni la jedwali: ⅓ arctan(x/3) + C. Kwenye (c), digrii ya juu imelingana na ya chini, na hiyo ni ishara ya kugawanya kwanza. Andika x² kama (x² + 9) − 9, unapata 1 − 9/(x² + 9), na jibu ni x − 3 arctan(x/3) + C. Kwenye (d), chini inapasuka kuwa (x − 3)(x + 3), basi pasua sehemu: (1/6) ln|(x − 3)/(x + 3)| + C.

Maswali ya kujiuliza ukiona sehemu yanafuata mpangilio huu. Je, digrii ya juu ni ndogo kuliko ya chini? Kama sivyo, gawanya. Je, juu ni derivativi ya chini, au ni derivativi hiyo ikizidishwa kwa namba? Kama ndivyo, ni logi. Je, chini inapasuka? Pasua. Haipasuki? Kamilisha mraba, utafute arctan. Yaandike kwenye kikaratasi, na kufika wiki ya tatu ukitupe.

mwanafunzi_wa_mitambo

Mwalimu, hii ya familia imenifungua macho. Nimejaribu moja ya mtihani wa nyuma: ∫ x/(x² + 4x + 13) dx. Nimeweka u = x² + 4x + 13, nikapata du = (2x + 4) dx, halafu juu nina x tu. Nikakwama hapo hapo.

fundi_kigeu

Hapo hukukosea kuanza, umekwama katikati. Unataka juu kuwe na x + 2, ila una x. Basi andika x = (x + 2) − 2 na ukate integrali vipande viwili. Chini ikishakamilishwa mraba ni (x + 2)² + 9.

```
∫ x/(x² + 4x + 13) dx
 = ∫ (x + 2)/(x² + 4x + 13) dx − 2 ∫ 1/((x + 2)² + 9) dx
 = ½ ln(x² + 4x + 13) − (2/3) arctan((x + 2)/3) + C
```

Kipande cha kwanza ni (a) ya juu, cha pili ni (b). Lidiferenshieti sasa: logi inatoa (x + 2) juu ya chini ile ile, arctan inatoa −2 juu ya chini ile ile, ukijumlisha unarudi kwenye x. Wengi hukosea ile 2/3: huandika 2 peke yake kwa kusahau ⅓ inayotoka kwenye jedwali. Ukidiferenshieti, kosa hilo linajitokeza lenyewe, maana juu utapata x − 4 badala ya x.

mzizi_wa_tatu

Jamani mbona mnateseka? Kuna vikokotoo vina kitufe cha ∫. Weka funksheni, weka mipaka, jibu hilo. Kwenye mtihani unaokoa muda mwingi.

Bi_Mchoro

Mzizi, kijana anaulizia integrali zisizo na mipaka, na hata zenye mipaka alama nyingi ziko kwenye hatua. Kitufe hakiandiki hatua. Lakini umegusa kitu kizuri cha kuhakiki, kama sheria za mtihani wao zinaruhusu kikokotoo cha aina hiyo. Ukipata jibu la integrali yenye mipaka kwa mkono, kitufe kinakwambia kama namba zinalingana. Sharti kikokotoo kiwe kwenye radiani. Jaribu arctan(1): ikija 0.785 uko salama, ikija 45 uko kwenye digrii na kila integrali ya trigonometria itatoka upuuzi.

Na hata bila kikokotoo, jizoeze kukadiria. Chukua ∫ x√(x² + 9) dx kutoka 0 hadi 4. Ukiweka u = x² + 9, mipaka nayo lazima ihame: x = 0 inakuwa u = 9, x = 4 inakuwa u = 25. Unapata ⅓(125 − 27) = 98/3, yaani kama 32.7. Anayesahau kuhamisha mipaka anaweka 0 na 4 kwenye u, anapata 8/3. Namba zote mbili zinaonekana nzuri kwenye karatasi. Sasa chora: kwenye x = 4 kimo ni 4 × 5 = 20, na mchoro unapanda kutoka 0 ukijipinda kwenda juu. Pembetatu yenye msingi 4 na kimo 20 ina eneo 40, na mchoro uko chini kidogo ya pembetatu hiyo. Basi 32.7 inaingia akilini, 8/3 haiingii kabisa. Uchoraji huo unakula nusu dakika tu.

Kipeuo

Sawa, nimekubali kuhusu kuchanganya. Ila kwa integresheni kwa vipande naomba msimchanganye kijana, kuna mpangilio wa kukariri ambao unafanya kazi siku zote: u inachaguliwa kwanza logi, kisha kinyume cha trigonometria, kisha polinomia, kisha trigonometria, mwisho eksponenti. Ukifuata huo hukosei.

fundi_kigeu

Unafanya kazi mara nyingi, na aukariri. "Siku zote" ndiyo ninayoipinga. Tazama ∫ x³ e^(x²) dx. Mpangilio unasema u = x³ na dv = e^(x²) dx. Lakini e^(x²) haina integrali unayoweza kuiandika kwa funksheni za kawaida, kwa hiyo huwezi kupata v. Umefika ukutani. Hapa x moja lazima iende kwa eksponenti: u = x², dv = x e^(x²) dx, basi v = ½ e^(x²), na jibu ni ½ x² e^(x²) − ½ e^(x²) + C. Kanuni iliyo chini ya mpangilio huo ni hii: dv iwe kitu unachoweza kukiintegreti, na integrali mpya iwe nyepesi kuliko ya mwanzo. Ukiona mpya imekuwa nzito zaidi, rudi, badilisha uchaguzi.

Wiki ya pili basi. Siku ya 8 na ya 9 kwa vipande. Usiiache ∫ ln x dx, ambayo dv yake ni dx tupu, wala ∫ eˣ sin x dx, ambayo unaifanya mara mbili hadi integrali ya mwanzo inarudi upande wa kulia, kisha unaihamisha kushoto na kugawa kwa 2. Kwenye hiyo ya pili kuna mtego: duru ya pili lazima uchague aina ile ile ya u uliyoanza nayo. Ukigeuza, unarudi ulikotoka na unapata 0 = 0.

Siku ya 10 na ya 11 kupasua sehemu. Makosa mawili ndiyo yanayokula alama hapa. La kwanza ni kupasua kabla ya kugawanya. Kwa (x² + 1)/(x² − 1), mtu anaandika A/(x − 1) + B/(x + 1), anaweka x = 1 anapata A = 1, anaweka x = −1 anapata B = −1, na anaridhika. Kumbe amepoteza 1 nzima: sahihi ni 1 + 2/(x² − 1), na jibu ni x + ln|(x − 1)/(x + 1)| + C. Tazama jinsi kosa linavyojificha, A na B ni zile zile sahihi, kinachokosekana ni x tu. Njia ya kulinasa ni kuweka x = 0 pande zote: kulia kwake inatoka −2, wakati swali linatoa −1. La pili ni kipande kinachojirudia. Chini ikiwa na (x − 1)², unahitaji A/(x − 1) na pia B/(x − 1)².

Siku ya 12 vipeo vya sin na cos. Kipeo kisicho shufwa, toa moja pembeni ubadili kigeu. Vyote shufwa, tumia kanuni za pembe maradufu. Siku ya 13 mwachie Bi Mchoro, anaonekana ana mikono yake kwenye maeneo na ujazo. Siku ya 14 mtihani wa integrali 20 kama wa siku ya 1, alama zile zile N, A, J. Linganisha.

Bi_Mchoro

Siku ya 13 basi nasema kitu kimoja tu, kwa sababu ndicho kinachorudiwarudiwa kukosewa. Eneo kati ya y = x na y = x², kutoka 0 hadi 1, limezungushwa kwenye mhimili wa x. Kila kipande ni duara lenye tundu katikati. Eneo la duara kubwa toa eneo la tundu: πx² − πx⁴. Ukiintegreti unapata π(⅓ − ⅕) = 2π/15. Anayetoa kwanza kisha akapandisha mraba, yaani π(x − x²)², anapata π/30, robo ya jibu. Chora kipande kimoja kabla ya kuandika integrali, utaona tundu kwa macho.

Na usisahau ∫ 1/x² dx kutoka −1 hadi 1. Ukiweka mipaka bila kutazama unapata −2, ilhali funksheni iko juu ya mhimili kote. Inalipuka kwenye x = 0, na integrali hiyo haina thamani. Kabla ya kuweka mipaka, angalia kama chini inakuwa 0 mahali fulani katikati.

sigma_ndogo

Samahani naingilia. Mimi niko mwaka wa pili, nina integrali za vigeu viwili wiki ijayo. Ratiba hii nami itanifaa? Na lingine, nimefanya ∫ sin x cos x dx nikapata ½ sin² x + C, rafiki yangu −½ cos² x + C, na kitabu kina −¼ cos 2x + C. Nani kakosea?

fundi_kigeu

Hakuna aliyekosea. ½ sin² x na −½ cos² x zinatofautiana kwa ½, na cha kitabu kinatofautiana na chako kwa ¼. Zote ni namba tupu, zinamezwa na C. Ndiyo maana nasisitiza kudiferenshieti badala ya kulinganisha sura ya jibu. Kuhusu vigeu viwili, fungua uzi wako, ndugu. Kule kazi kubwa ni kuchora eneo na kubadili mpangilio wa mipaka, na wiki moja haitoshi kupita njia hii yote.

Wiki ya tatu, mwanafunzi. Siku ya 15 andika integrali 30 kwenye vikadi, changanya, na kwa kila kadi jipe sekunde 20 uandike mstari wa kwanza tu: "u = ...", "gawanya", "vipande, u = ln x". Usikokotoe. Kisha geuza kadi uone. Hili ndilo zoezi linalotibu ile "sijui nianzie wapi". Rudia kila siku hadi mwisho, dakika 15 tu, ukiondoa kadi ulizopata sahihi mara tatu na kuongeza mpya. Siku ya 16 hadi ya 20 fanya mitihani ya nyuma kwa saa zake kamili, mmoja kila baada ya siku moja, na siku ya katikati ni ya kusahihisha na kurudia yaliyokosewa. Humo ndimo limiti na matumizi ya diferensiesheni zinarudi. Usiziache, maana ni alama ulizo nazo tayari mkononi. Siku ya 21 vikadi na jedwali, basi.

Kipeuo

Na kubadili kwa trigonometria, x = 3 sin θ na wenzake? Hamjaigusa. Na ile t = tan(x/2)?

fundi_kigeu

x = a sin θ aipe nusu ya siku ya 12 kama mitihani ya nyuma inayo. Atambue √(9 − x²) na asisahau kurudisha jibu kwenye x kwa kuchora pembetatu mraba. Lakini t = tan(x/2) mimi ningeiacha. Inatatua integrali yoyote ya sehemu zenye sin na cos, ila aljebra yake ni ndefu, na mtu mwenye siku 21 atapoteza siku nzima kwa swali ambalo huenda lisije.

Bi_Mchoro

Hapo sikubaliani nawe, mwalimu. Kuna mitihani inayotoa ∫ 1/(5 + 4 cos x) dx au ndugu yake, na bila t mwanafunzi hana pa kushika. Akikariri kwamba cos x = (1 − t²)/(1 + t²) na dx = 2 dt/(1 + t²), hiyo inageuka kuwa ∫ 2/(9 + t²) dt, ambayo ni (b) ya familia yako. Mistari minne tu.

fundi_kigeu

Hiyo imechaguliwa ikatoka vizuri. Weka 3 sin x + 4 cos x + 2 chini uone.

mwanafunzi_wa_mitambo

Asanteni sana wote. Nimefanya ule mtihani wa siku ya 1 jioni hii: N 9, A 4, J 2, sahihi 5. Kati ya zile A, tatu ni ishara ya kutoa mbele ya mabano. Nimepitia pia mitihani mitano ya nyuma: x = a sin θ imo kwenye miwili, t = tan(x/2) imo kwenye mmoja, na ilipewa kama dokezo ndani ya swali lenyewe. Kesho naanza na jedwali.

Bi_Mchoro

Kama dokezo linatolewa, basi fundi ameshinda kwa idara yenu. Jifunze tu kulitumia ukipewa. Na hizo ishara tatu: kabla ya kufungua mabano, andika mstari mzima wenye mabano yake, usifungue kichwani.